Mawe na nyasi kwenye Blender: dhana potofu na ukweli wake

Kupanda mawe na nyasi juu ya ardhi kwa Geometry Nodes, mfumo wa nodi wa Blender, ni kazi ya hatua chache. `Distribute Points on Faces` inamwaga vidoti juu ya ardhi, `Instance on Points` inaweka jiwe au kishungi cha nyasi kwenye kila kidoti, na `Random Value` inabadilisha ukubwa na mwelekeo. Mwisho `Join Geometry` inarudisha ardhi pamoja na vilivyopandwa, maana ukiisahau ardhi hupotea na nyasi zinabaki zikielea. Ukikuta somo linalotaja `Point Instance` au `Attribute Randomize`, jua ni la mwaka 2021, kabla ya Blender 3.0. Nodi hizo hazipo tena, usihangaike kuzitafuta.

Hatua zikiwa chache hivyo, makosa mengi hayatokani na nodi kukosekana. Yanatokana na watu kuelewa vibaya kile ambacho nodi inakipokea.

Dhana: "Nyasi ni chache, basi ongeza Density."

Hapa ndipo wengi huumia. Mimi mwenyewe nilipoteza jioni nzima.

Nilikuwa natengeneza kilima cha mawe kama vile vya Mwanza. Nilichukua `Plane` ya kawaida, yenye mita 2 kwa 2, nikabonyeza S, 20, Enter. Kwa macho nina kiwanja cha mita 40 kwa 40, yaani mita za mraba 1,600. Nikaweka `Density` 10, nikitarajia vidoti kama 16,000. Vikaja 40 hivi, na kila jiwe lilikuwa kubwa kama nyumba.

Ukweli ni kwamba `Density` ni idadi ya vidoti kwa kila mita ya mraba, lakini inapimwa kwenye umbo lenyewe kabla ukubwa wa kitu haujahesabiwa. Kwa Geometry Nodes ile `Plane` bado ilikuwa na mita za mraba 4. Nne mara kumi ni arobaini. Baada ya hapo kitu kizima kikakuzwa mara 20, na mawe yakakuzwa nacho.

Nilichofanya usiku ule ni kile kile wanachofanya wengine: nikapandisha `Density` hadi 4000, nikapunguza ukubwa wa mawe hadi 0.05. Picha ikakaa sawa. Kesho yake nikabonyeza Ctrl+A, `Scale`, kwa sababu nyingine kabisa, na kompyuta ikaganda. Haikuwa na kosa: amri hiyo huingiza ukubwa ndani ya umbo lenyewe, na 4000 mara 1,600 ni vidoti milioni 6.4.

Kwa hiyo kabla ya kugusa nodi yoyote, bonyeza N, utazame `Scale` ya ardhi. Kama haisomi 1.000 pande zote tatu, Ctrl+A kwanza. Kama ulishaanza kupanda, shusha `Density` kabla ya kufanya hivyo. Dalili nyingine ya ugonjwa huu ni mawe yaliyorefuka kama mishumaa: mtu amevuta kilima juu kwa Z peke yake, na kila kilichopandwa juu yake kimevutwa pia.

Dhana: "Ukubwa wa nasibu ni kuweka Min na Max tu."

Kwanza, aina. `Random Value` ikiwa `Vector`, kila mhimili unapata namba yake: jiwe linapata 0.3 kwa upana na 1.9 kwa kimo. Kwa mawe machache hiyo inaweza hata kupendeza, kwa nyasi ni vituko. Weka `Float`, namba moja iende pande zote tatu.

Lakini hata ukiweka `Float` kati ya 0.2 na 2, kilima bado kitaonekana cha bandia, na wengi hawajui kwa nini. Nodi hii inagawa namba sawasawa: mawe makubwa ni mengi kama madogo, na nusu ya mawe yako yatapita 1.1. Tazama mteremko wowote wa kweli. Kokoto hazihesabiki, mawe ya kukalia ni machache, na majabali unaweza kuyanyooshea kidole moja moja.

Dawa ni kupinda namba kabla ya kuitumia. Acha `Random Value` itoe 0 hadi 1, ipitishe kwenye nodi ya `Math` iliyowekwa `Power` yenye kipeo cha 3, kisha `Map Range` iipeleke kwenye 0.2 hadi 2. Chukua jiwe la katikati, lenye 0.5:

```
0.5 ^ 3 = 0.125
0.2 + 1.8 * 0.125 = 0.425
```

Sasa nusu ya mawe yako chini ya 0.43 na majabali yamekuwa adimu. Ukitaka kokoto zaidi, pandisha kipeo hadi 5. Kwangu hili ndilo badiliko dogo linaloleta tofauti kubwa kuliko yote, na halikuongezei hata jiwe moja la kuchora.

Dhana: "Zungusha kwa 360 na umemaliza."

`Random Value` haijui digrii. Namba zinazoingia kwenye mzunguko ni radiani, na mzunguko kamili ni 6.283. Ubaya ni kwamba ukiandika 360 kwenye Z hutagundua kosa: ni mizunguko hamsini na kitu, na matokeo bado yanaonekana ya nasibu. Kosa linajifichua siku unapotaka nyasi ziiname kidogo. Unaandika -10 hadi 10 kwenye X na Y, na nusu ya nyasi zinachimba ardhini kichwa chini. Digrii 10 ni 0.175, au andika `pi/18` kwenye kisanduku, Blender itakokotoa yenyewe.

Halafu kuna `Rotation` inayotoka kwenye `Distribute Points on Faces`, ambayo hulaza kila kitu kufuata mteremko. Kwa mawe ni sawa: iunganishe, kisha tumia `Rotate Instances`, `Local Space` ikiwa imewashwa, kuyazungusha kwenye Z yao. Kwa nyasi iache. Nyasi mlimani huota kuelekea juu, hazisimami kwa pembe mraba na mteremko kama miiba ya nungunungu.

Dhana: "Nodi mbili za nasibu hutoa namba tofauti."

Hapana. `Random Value` mbili za `Float` zenye `Seed` ile ile, juu ya vidoti vile vile, hutoa nasibu ile ile. Ukitumia moja kwa ukubwa na nyingine kwa mzunguko, zote zikiwa na `Seed` 0, majabali yako yote yatatazama upande mmoja, na kokoto upande wake. Kwa ubavuni huoni. Bonyeza 7 ya kwenye numpad utazame kutoka juu, utaona gwaride. Badilisha `Seed` moja iwe namba yoyote nyingine.

Dhana: "Faili ni nzito, weka Realize Instances."

Ni kinyume. Kishungi cha nyuso 300 kikipandwa mara 16,000 kinahifadhiwa mara moja tu, vilivyobaki ni nakala zinazoelekeza kwake. `Realize Instances` inazigeuza kuwa umbo halisi la nyuso milioni 4.8. Itumie pale tu unapohitaji kuhariri kila nakala kivyake. Ukitaka wepesi wakati wa kazi, chukua `Is Viewport` na `Switch`: `Density` 1 kwenye dirisha la kazi, 10 wakati wa kutoa picha.