Slaidi nane na neno "lakini"

*Swali: "Nina vidokezo 14 kuhusu kuhifadhi mahindi, vya kuwasilisha kwa kamati ya ushirika. Nikivimwaga kwenye slaidi, watu wanasinzia. Navigeuzaje kuwa kisa chenye mwanzo, mkwamo na utatuzi?"*

Anzia mwisho. Kabla ya kugusa slaidi yoyote, andika uamuzi unaotaka kamati iufanye kabla haijainuka vitini: "Tuidhinishe mifuko 200 isiyopitisha hewa." Bila sentensi hiyo kila kidokezo kitaonekana cha lazima, na hutathubutu kukiacha hata kimoja.

Kisha andika kila kidokezo kwenye kikaratasi chake, uvitandaze mezani na utafute viwili vinavyogombana. Hapa ndipo penye kazi hasa. Kimoja kinasema bei ya mahindi huwa chini wakati wa mavuno na hupanda miezi ya mbele. Kingine kinasema wanachama wengi huuza mara tu wakishavuna. Kila kimoja peke yake ni taarifa tu. Viunganishe kwa "lakini": wanachama wanajua bei itapanda, lakini wanauza mapema. Msikilizaji anajiuliza mwenyewe, kwa nini? Huo ndio mkwamo. Kidokezo cha dumuzi, mdudu anayebungua mahindi ghalani, sasa kimepata mahali pake, kwa sababu kinajibu swali ambalo tayari liko kichwani mwa mtu. Ukiona vidokezo vyako vinaunganika kwa "na pia" tu, bado una orodha. Na "uhifadhi ni changamoto" si mkwamo: hakuna anayepoteza chochote ndani ya sentensi hiyo.

Sasa panga vichwa vya slaidi, kila kimoja kikiwa sentensi kamili. Bei hizi ni za mfano. Weka za soko lako.

1. Bei ya gunia huwa chini wakati wa mavuno.
2. Lakini wengi wetu tunauza wakati huohuo.
3. Tunauza kwa kuogopa dumuzi.
4. Gunia tulilouza shilingi 50,000 baadaye linauzwa 80,000.
5. Ndani ya mfuko usiopitisha hewa, dumuzi hufa.
6. Mfuko hufaa kwa mahindi makavu tu, unyevu usizidi asilimia 13.
7. Ukitoa 5,000 ya mfuko, mkulima anabaki na 25,000 zaidi kwa gunia.
8. Tuidhinishe mifuko 200, jumla shilingi 1,000,000.

Slaidi ya 4 ndiyo kilele, nayo ipewe nafasi: namba mbili kubwa, basi. Kosa linaloua mawasilisho mengi ni kuirukia slaidi ya 5 mapema, pengine ya pili kabisa, kwa sababu mwandishi anaupenda mfuko wake. Mtu ambaye hajaiona hasara haoni haja ya mfuko, hata ukimweleza vizuri namna gani kwamba wadudu humaliza oksijeni iliyomo ndani kisha wakafa.

Kosa la pili halionekani haraka. Mkwamo ukitajwa kwa shilingi, utatuzi nao lazima uje kwa shilingi. Ukiishia kusifu tabaka tatu za mfuko, swali la fedha ulilolifungua linabaki wazi, na kamati itasema "tutalifikiria". Slaidi ya 7 ipo kwa ajili ya kulifunga swali hilo tu.

Slaidi ya 6 huwashawishi wengi kuificha, maana inaonekana kama inaudhoofisha mfuko. Iache hapohapo. Aliyewahi kufungua mfuko akakuta mahindi yameota ukungu atanyoosha mkono, na ni afadhali akukute umeshasema kwamba nafaka mbichi huharibika hata ikifungwa vizuri, na kwamba tundu dogo huingiza hewa.

Vilivyobaki mezani, kama vile dumuzi kuingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, ni vya kweli lakini havisukumi chochote. Viweke slaidi za mwisho, ubofye kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Hide Slide. Akiuliza mtu, unazo.

Ukimaliza, kwenye PowerPoint fungua View, kisha Outline View, na usome vichwa peke yake kwa sauti. Unapolazimika kuongeza maelezo ili kichwa kimoja kikufikishe kwenye kinachofuata, hapo pana slaidi iliyokosekana. Jaribu pia kubadilisha nafasi za slaidi mbili zinazofuatana. Kisa kikibaki vilevile, umepata mahali ambapo orodha imerudi kwa siri, na mojawapo inaweza kutoka.

Mpangilio huu unafaa kamati iliyokaa kusikiliza. Kwa mwenyekiti aliyekupa dakika tano mlangoni, tanguliza slaidi ya 8, kisha ya 4 na ya 7. Hizo nyingine azione akiuliza.