Mnasihi mwanafunzi anapomchukia mzazi wa mtoto: maswali na majibu kwa wasimamizi

Mnasihi mwanafunzi ninayemsimamia amekiri kwamba anamchukia mama wa mtoto anayemhudumia. Je, nimwondoe kwenye kesi hiyo?

Usimwondoe kwa sababu ya kukiri. Donald Winnicott, daktari wa watoto na mchambuzi wa nafsi wa Uingereza, aliandika mwaka 1949 kwamba tabibu anaweza kumchukia mgonjwa wake, na kwamba hatari iko katika chuki ambayo mwenyewe haitambui. Mwanafunzi aliyekuja kukwambia tayari amevuka sehemu ngumu, na ukimwondoa sasa atajifunza kwamba mambo ya namna hii hayasemwi mbele ya msimamizi.

Jambo la kuchunguza ni kile ambacho hisia hiyo imeanza kumfanyisha. Nitatumia kesi moja ambayo nimebadilisha maelezo yake ili wahusika wasitambulike. Mtoto wa kiume wa miaka minane alirudi kukojoa kitandani miezi michache baada ya baba kuhama nyumbani. Hospitali ilikuwa imempima mkojo na sukari na haikuona ugonjwa, ndipo akaletwa kwa mnasihi. Mama yake alikuwa akimpigia simu mnasihi hata saa nne usiku, akidai kuambiwa kila neno ambalo mtoto amesema, na siku moja alimwambia mbele ya watu wengine: «Wewe hujazaa, utanifundisha nini? Wiki ya sita hii natoa nauli na mtoto bado anakojoa.»

Nilipolipitia faili, niliona kwamba kikao cha mtoto kilikuwa kimerefuka kutoka dakika 45 hadi saa nzima, huku mazungumzo na mama yakipungua hadi dakika tano za kusimama mlangoni. Mahali pa maelezo paliandikwa «mama mkorofi» mara tatu, bila hata mara moja kuandikwa mama alisema nini. Kwa ufupi, mnasihi alikuwa ameanza kumlea mtoto dhidi ya mama yake. Hizo ndizo dalili za kutafuta: muda, kalamu na simu zisizopokelewa. Ipo pia sura ya pili ambayo wasimamizi huipita kwa sababu inafanana na adabu, nayo ni ya mwanafunzi anayemwogopa mzazi kiasi cha kumpa kila anachodai, pamoja na siri za mtoto.

Katika kikao cha usimamizi nianzie wapi?

Anza kwa kumwacha aseme, kwa dakika kumi hivi, bila kumrekebisha na bila kumwunga mkono. Hapo kwenye kuunga mkono ndipo nilipoteleza mimi katika miaka yangu ya mwanzo. Nilikuwa nikitikisa kichwa na kusema kwamba wazazi wengine kweli ni shida, mwanafunzi akaondoka amefarijika, na wiki iliyofuata mzazi akawa adui yetu sote wawili.

Baada ya hapo mwombe asimulie tukio moja tu, neno kwa neno, kuanzia mama alipoingia hadi alipotoka. Kila anapotumia neno la kuhukumu, kama «alinidharau», mrudishe taratibu: alisema nini hasa, wewe ulihisi nini mwilini, kisha ukafanya nini? Mwanafunzi wangu aligundua kwa njia hiyo kwamba mama alipotaja kutozaa kwake, koo lilimkaba, na papo hapo akafunga faili na kusema muda umekwisha, ingawa zilikuwa zimesalia dakika 20. Mama naye aliona mlango ukifungwa, na jioni ile akapiga simu mara nne. Ukali uliokuwa ukilalamikiwa ulikuwa unachochewa pia kutoka upande wetu.

Hatua ya tatu ni kubadilishana nafasi. Mimi nilikaa kama mnasihi, yeye akawa mama, na nikamwomba aanze na alfajiri ya siku ile ya kikao. Alieleza kuamka, kuvua shuka, kutoa godoro na kulianika uani kwenye nyumba ya kupanga ambamo familia tano zinatumia bomba moja, huku majirani wakimtazama. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, akiwa bado katika nafasi ya mama: «Kila mtu anajua.» Hakuna aliyemwambia hayo yote, mtoto alikuwa ametaja godoro mara moja tu katika mchezo wa kuchora. Tulichopata hapo kilikuwa dhana ya kwenda kuulizia, kwamba aibu huenda ilikuwa inatoka kwa mama ikiwa imevaa ukali.

Mwisho tulipanga kikao kinachofuata. Mama angepewa dakika 20 za kukaa, kabla ya mtoto kuingia, na swali la kwanza lingekuwa, «Asubuhi zenu zinakwendaje?» Angeelezwa kwamba mtoto hakojoi kwa makusudi na kwamba adhabu haisaidii, angepewa karatasi ya kuweka alama ya kila usiku mkavu, ili apate jibu la kuonekana kwa swali lake la nauli. Simu zingepokelewa mchana kwa saa zilizotajwa, na angeambiwa kinagaubaga kipi kitabaki kati ya mnasihi na mtoto na kipi lazima mzazi aambiwe, hasa jambo lolote la hatari.

Mama hakugeuka kuwa mpole. Aliendelea kuuliza kwa sauti ya juu, lakini alikaa zile dakika 20, na simu za usiku zilikoma.

Nitajuaje kama hisia hizo zinatoka kwa mzazi au kwenye maisha ya mwanafunzi mwenyewe?

Kwa kawaida zinatoka kote kuwili. Uliza kama anahisi hivyo kwa wazazi wengine pia, na kama mama huyo anamkumbusha mtu. Ikiwa watu wengi wanaokutana na mama huyo, kama mwalimu na mpokea wageni, wanahisi kusukumwa vilevile, hisia hiyo inaweza kukudokezea anachoishi mtoto nyumbani. Ikiwa ni mwanafunzi peke yake, na anataja shangazi aliyemlea kwa maneno makali, mizizi iko kwake.

Hapo msimamizi ana mpaka. Unaweza kumsaidia aone kwamba shangazi ameingia chumbani. Habari ya shangazi yenyewe aipeleke kwa mnasihi wake binafsi, kwa sababu wewe ndiwe utakayempa alama, na haifai mtu kulia leo mbele ya yule atakayemtahini kesho. Kesi unaiondoa kwake pale tu ambapo, baada ya vikao viwili au vitatu vya kazi hii, matendo yale yale yanaendelea na mtoto anaumia kwayo.

Je, ikiwa mzazi si mkali tu, bali anamdhuru mtoto?

Basi hisia zinasubiri. Mwulize mwanafunzi ameona nini, mtoto amesema nini kwa maneno yake, na lini, kisha yaandikwe siku hiyohiyo. Chuki inaweza kumfanya aone mateso yasiyokuwapo. Inaweza pia kumtia shaka hadi alama za mkanda mgongoni azione kama chuki yake tu, na kosa hili la pili ndilo baya zaidi. Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za kuvunjwa kwa haki za mtoto kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, na namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bila malipo. Msimamizi na mwanafunzi watoe taarifa hiyo pamoja, siku hiyo, bila kungoja kikao cha wiki ijayo.