Boriti inakaa wapi juu ya nguzo? Dhana potofu kuhusu theluthi ya kati

Chukua nguzo fupi ya matofali, upana milimita 450, kina milimita 600, urefu mita 2.5. Boriti inaingia juu yake kwa uso mmoja, ikifuata upande ule wa milimita 600, na kuishushia mzigo wa kN 90. Ncha ya boriti imelala juu ya tofali kwa milimita 450, yaani robo tatu ya kina chote. Ukiitazama unaridhika: imeshika vizuri, haiwezi kuchomoka. Lakini nguzo hiyohiyo inaweza kufunguka ufa kwa nyuma, upande usiogusana na boriti. Nitaitumia hii moja kupitia dhana nne ninazozisikia mara kwa mara.

"Mzigo ukishakuwa ndani ya nguzo, nguzo nzima inabanwa"

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Watu hufikiri nguzo ni kama kiti: alimradi umekaa juu yake, miguu yote minne inasukumwa chini. Ukweli ni kwamba mzigo usiopita kwenye kitovu cha mkato hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Unabana mkato wote sawasawa, na pia unaupinda. Mkazo wa kubana ni P/A, yaani mzigo P gawanya kwa eneo la mkato A. Kupinda huongeza mkazo upande ulioelemewa na kuupunguza upande wa pili kwa kiasi kilekile. Umbali kutoka kitovu hadi mstari wa mzigo tuuite mchepuko, e. Kwa mkato wa mstatili wenye upana b na kina d, hesabu yote ni hii:

```
mkazo = P/(b·d) × (1 ± 6e/d)
```

Angalia alama ya kutoa. Mabano yanafika sifuri pale 6e/d inapokuwa 1, yaani e ikiwa d/6. Mchepuko ukizidi hapo, hesabu inatoa namba hasi: uso wa nyuma haubanwi tena, unavutwa. Ukipima d/6 kuelekea kila upande wa kitovu unapata ukanda wa d/3, ile theluthi ya kati ambayo waashi huitaja. Kwa nguzo yetu ni milimita 100 kila upande.

Kuvutwa ndiko tunakokuogopa, kwa sababu uashi hauna nguvu ya maana ya kuzuia mvuto. Tofali lenyewe lina nguvu kiasi. Udhaifu uko pale saruji ya kuunganishia inaposhikana na tofali kwenye kiungo cha mlalo. Mshiko huo hutegemea tofali lilikuwa kavu au bichi siku ya kujenga na fundi alijaza kiungo vipi. Mbunifu mwangalifu huuhesabu kuwa sifuri.

"Mzigo unashuka katikati ya sehemu iliyolaliwa na boriti"

Hapa ndipo hesabu nyingi nzuri huharibika kabla hazijaanza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anayefuata dhana hii atasema: boriti imelala kwa milimita 450, katikati yake ni milimita 225 kutoka uso wa mbele wa nguzo. Kitovu cha nguzo kiko milimita 300 kutoka uso huohuo. Mchepuko basi ni 75, chini ya 100, mambo shwari.

Kasoro ni kwamba boriti iliyobeba mzigo hupinda. Inaposhuka katikati ya chumba, ncha zake hugeuka: mgongo wa ncha huinuka kidogo, na sehemu iliyo karibu na uso wa mbele wa nguzo hukandamiza zaidi. Mkandamizo chini ya ncha huchukua umbo la pembetatu, mkubwa mbele na kufifia nyuma. Kitovu cha pembetatu hakiko nusu ya njia. Kiko theluthi moja kutoka upande mnene, na ndiyo maana wabunifu wengi huweka mzigo kwenye theluthi ya urefu wa kulalia, wakipima kutoka uso ulioelemewa.

Theluthi ya 450 ni 150. Mzigo wetu basi unashuka milimita 150 kutoka uso wa mbele, na mchepuko ni 300 ukitoa 150, yaani milimita 150. Tumetoka nje ya theluthi ya kati kwa milimita 50 nzima, na wala boriti haijasogezwa popote. Kilichobadilika ni makadirio yetu tu.

Sasa weka namba. P/A ni 90,000 gawanya kwa 270,000, sawa na 0.333 N/mm². 6e/d ni 1.5. Uso wa mbele unabanwa kwa 0.833 N/mm², na uso wa nyuma, kwa hesabu, unavutwa kwa 0.167 N/mm². Mvuto huo unaonekana mdogo, lakini unatosha kuufungua mshiko uliojengwa ovyo.

Dawa iliyo rahisi kuliko zote ni kuamua mwenyewe mzigo ushuke wapi. Weka bamba la chuma lenye urefu wa milimita 200 katikati kabisa ya nguzo, kuanzia milimita 200 hadi 400 kutoka uso wa mbele, na uache nafasi wazi chini ya boriti mbele ya bamba ili ikipinda isiguse ukingo wa tofali. Hata ukihesabu mzigo kwenye theluthi ya bamba, unashuka milimita 267 kutoka uso wa mbele. Mchepuko umebaki milimita 33. Mkazo wa juu sasa ni 0.444 N/mm², wa chini 0.222, na mkato wote unabanwa.

Bamba hilo lina masharti yake. Linakusanya kN 90 kwenye eneo dogo, kwa hiyo chini yake panahitajika kitako cha zege cha kutawanya mzigo kabla haujafika kwenye matofali. Pia boriti imeongezewa urefu wa kuruka kwa karibu milimita 117 upande huo, hivyo nayo ihesabiwe upya. Na ile nafasi ya mbele isije ikazibwa kwa saruji na mpiga lipu anayependa kazi nadhifu. Ikizibwa, tumerudi tulikoanzia.

"Kiini salama ni mstatili wa theluthi kwa theluthi"

Theluthi ya kati ni sahihi mzigo ukichepuka kuelekea upande mmoja tu. Ukichepuka pande mbili kwa pamoja, wengi huchora mstatili mdogo wa b/3 kwa d/3 na kusema ndani yake hakuna mvuto. Si kweli. Upunguzaji wa pande mbili hujumlishwa. Tukiuita mchepuko wa upande wa upana ex, na wa upande wa kina ey, sharti la kweli ni

```
6ex/b + 6ey/d ≤ 1
```

Eneo linalotimiza sharti hilo ndilo kiini, na lina umbo la almasi. Ncha zake nne ziko kwenye mistari ya katikati, na ndani yake mna nusu tu ya ule mstatili wa kufikirika. Kwenye mkato mzima ni sehemu moja ya kumi na nane. Ni padogo sana kuliko watu wanavyodhani!

Tuseme bamba letu limekosewa kidogo. Mzigo uko milimita 60 kutoka kitovu kwa upande wa kina, na milimita 40 kwa upande wa upana, labda kwa sababu nguzo haikupigwa timazi. Kila kipimo peke yake kinapita: 60 ni chini ya 100, na 40 ni chini ya 75. Lakini jumla ni 0.6 na 0.533, yaani 1.133. Kona moja ya nguzo inavutwa. Ufa wa namna hii huanzia konani, na aliyekagua uso wa nyuma peke yake kwa haraka hauoni.

"Tatizo ni uzito: punguza mzigo, mvuto utaondoka"

Rudi kwenye mabano ya hesabu ya kwanza. P haimo ndani yake. Mchepuko ukiwa milimita 150, kN 90 zitavuta uso wa nyuma, na kN 9 nazo zitauvuta, japo kidogo. Kinachoamua kama kuna mvuto au hakuna ni mahali mzigo unaposhuka.

Uzito mwingine unaopita kitovuni hata husaidia, kwa sababu unavuta jumla ya mizigo kurudi katikati. Uzito wa nguzo yenyewe, ukihesabu kN 20 kwa mita ya ujazo, ni kN 13.5. Kwa hiyo chini kabisa mchepuko umeshuka kutoka 150 hadi 130. Hautoshi, lakini unaeleza kwa nini nyufa hizi hupenda kozi za juu kuliko za chini. Ukijenga juu ya nguzo ukuta wenye kN 45 zilizokaa kitovuni, jumla inakuwa kN 135 na mchepuko unafika 100 kamili. Mvuto umekwisha. Gharama yake ni kwamba uso wa mbele sasa unabanwa kwa 1.0 N/mm², mara mbili ya wastani. Hivyo ndivyo ilivyo ukingoni mwa theluthi ya kati: kukosa mvuto hakumaanishi mkazo ni mdogo.

Baada ya kusikia haya wengine hugeukia upande wa pili na kudhani kwamba mzigo ukitoka kwenye kiini tu, nguzo inaanguka. Haianguki. Kiungo cha nyuma kinafunguka, na sehemu iliyobaki inabeba yote. Urefu unaobaki kubanwa ni 3(d/2 − e), ambao kwetu ni milimita 450, na mkazo wa mbele unapanda kutoka 0.833 hadi 0.889 N/mm². Eurocode 6, kanuni ya Ulaya ya kubuni majengo ya uashi, inaruhusu hali hii, ikipunguza uwezo wa nguzo kwenye ncha zake kwa kipimo cha 1 − 2e/d. Kwa e ya 150 unabaki na nusu ya uwezo. Kuanguka hukaribia mzigo unapoelekea ukingoni, e ikikaribia d/2, ambapo matofali ya mbele hupondwa kwanza. Sababu ya kubaki ndani ya kiini ni kuzuia nyufa na maji yanayoingia humo, na kubakiza akiba kwa makosa ya ujenzi.

Kwenye nguzo iliyokwisha jengwa, tafuta ufa wa mlalo ulionyooka kwenye kiungo, upande ulio kinyume na boriti, kozi chache chini ya inapolalia. Ingiza kipande chembamba cha chuma. Kikiingia nje na kukwama ndani, ufa unafifia kuelekea mbele, na hiyo ni dalili ya kupindwa. Kisha zunguka mbele, chini tu ya boriti: matofali yaliyobanduka kingo hapo yanaonyesha pale mzigo unaposhuka kwa kweli.