"Kurudisha" kanzu iliyoungua

Nimechoka kusikia mtu anayehariri picha anasema "kanzu imeungua, irudishe". Kurudisha hailaiti ni kushusha sehemu zenye mwanga mkali ili mikunjo na nyuzi za kitambaa zilizokuwa zimefifia zionekane, basi. Iliyoungua kweli hairudi, maana pale sensa ya kamera ilishajaa mwanga na hakuna kilichoandikwa.

Na neno lenyewe linachanganya watu. Enzi za chumba cha giza, "kuunguza" kulikuwa kuiongezea karatasi mwanga sehemu moja ili iwe NYEUSI zaidi, yaani fundi alikuwa anaunguza kanzu makusudi ili mikunjo itokee! Ndo maana kile kifaa cha Burn kwenye Photoshop kinatia giza mpaka leo. Sisi mtaani tukaligeuza, kuungua ikawa kupotelea kwenye weupe, sawa tu, lugha ni yetu, ila tusiite kila kinachong'aa kimeungua.

Kwenye Lightroom kuna kipimo: shika Alt huku unavuta Whites. Skrini inakuwa nyeusi, na panapotokea madoa meupe ndo pameungua rangi zote tatu, madoa ya rangi maana yake imejaa moja au mbili tu na hapo kuna cha kuokoa, hasa kama ulipiga RAW.

Sasa nyuso. Chukua bwana harusi kwenye jua, kanzu nyeupe pe, kipaji na mashavu yana ule mng'ao wa ngozi. Mtu anavuta Highlights mpaka -100, bega linapata mikunjo vizuri kabisa, halafu uso unakuwa kama umepakwa tope. Sababu ni kwamba ule mng'ao wa kipaji una mwanga unaokaribiana na kivuli cha kanzu, slaida haijui hiki kitambaa hiki ngozi, inashusha vyote, na uso bila mng'ao unabaki bapa. Wengine ndo wanashusha Exposure ya picha nzima, hapo hata macho yanazama.

Mimi naishia kama -25 kwa picha nzima, halafu natengeneza maski ya nguo peke yake, Select People kisha Clothes, humo ndo nashusha Highlights -60 hivi. Nabonyeza O nione maski imepita wapi, ikipanda kidevuni naifuta kwa brashi, maana kidevu karibu na kola kikiingia kinatoka na kivuli cha ajabu. Kanzu ikianza kuwa kijivu napandisha Whites kidogo humohumo kwenye maski. Na ukishusha ukapata kijivu laini kisicho na uzi hata mmoja, acha, pale hapana kitu.

Kwa hiyo ndugu zangu, yenye mikunjo iliyojificha tuseme "inang'aa, ishushe". "Imeungua" tuiachie ile isiyo na uzi.