Mtoto Asiyeweza Kumeza Vidonge: Mazoezi ya Nyumbani na Njia Salama Mbadala

Dirisha letu la dawa limekuwa likipokea malalamiko ya aina moja kutoka kwa wazazi na walezi, hasa wale wenye watoto wa umri wa kwenda shule wanaotumia dawa kwa muda mrefu. Mtoto hawezi kumeza kidonge, mlezi anakisaga, mtoto anatapika, kisha familia inarudi ikidai kwamba dawa iliyotolewa ni mbovu. Kitengo cha famasia kimeona ni vema kueleza kwa maandishi namna ya kumfundisha mtoto kumeza, na nini kifanyike katika kipindi ambacho bado hajaweza.

Tuanze na kisa kimoja tulichokishughulikia. Mtoto wa kiume wa miaka 8, mwenye uzito wa kilo 24, alikuwa akitumia vidonge vya valproeti vya miligramu 200 kwa ajili ya kifafa, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Degedege lilikuwa limetulia, kisha likarejea. Mama yake alisema, kwa uaminifu kabisa, kwamba hajaruka dozi hata siku moja. Tulipomwomba atuonyeshe anavyompa, alieleza kwamba anaponda kidonge kwa mchi wa kinu, anakichanganya kwenye bakuli la uji wa moto, na mtoto anakunywa “mpaka anaposhindwa”. Kilichobaki bakulini kilimwagwa. Asubuhi nyingine mtoto alitapika dakika chache baada ya kunywa.

Vidonge vile vilikuwa vimefunikwa kwa utando wa nje unaozuia dawa isiyeyuke kwenye tumbo la chakula, bali isubiri mpaka ifike kwenye utumbo. Utando ukivunjwa, dawa inachoma mdomo, inaleta ukali kwenye tumbo, na mtoto anatapika. Tena, sehemu ya dozi ilikuwa inabaki kwenye kinu na nyingine kwenye bakuli, kwa hiyo hakuna aliyejua mtoto amepata miligramu ngapi. Dawa haikuwa mbovu. Vipo pia vidonge vilivyotengenezwa vitoe dawa polepole kwa saa nyingi, na hivyo vikisagwa hutoa dawa yote kwa mara moja, jambo linaloweza kumfikisha mtoto kwenye kiwango cha sumu. Ukiona kwenye pakiti herufi kama SR, XR, CR au EC, au neno “retard”, usikisage kabla ya kumuuliza mfamasia. Lakini kukosekana kwa herufi hizo si kibali cha kusaga, kwa sababu si kila kiwanda huziandika.

Hatua yetu ya kwanza haikuwa mazoezi. Tuliwasiliana na daktari aliyeandika dawa, akaandika upya valproeti ya maji yenye miligramu 200 katika kila mililita 5, ili mtoto apate mililita 5 asubuhi na mililita 5 jioni, yaani dozi ileile. Hapa wananchi wengi hutulaumu bila sababu, hivyo tueleze. Mfamasia hana mamlaka ya kubadilisha dawa ya kifafa kwa uamuzi wake mwenyewe pale dirishani. Mlezi anapaswa kurudi na cheti, na daftari la kliniki ikiwa analo, uzito wa mtoto upimwe siku hiyo, na daktari aandike aina ya dawa, nguvu yake, kiasi kwa mililita na idadi ya siku. Maneno “dawa ya maji” peke yake hayatoshi, kwa kuwa chupa mbili zinaweza kutofautiana nguvu. Vidonge ulivyokwisha kuchukua nyumbani haviwezi kurudishwa rafuni akapewa mgonjwa mwingine, hata kama pakiti haijafunguliwa, kwa sababu hatujui vilihifadhiwa wapi. Ombi hilo huletwa karibu kila siku na jibu ni lilelile. Dawa ya maji ipimwe kwa bomba lisilo na sindano, lenye alama za mililita, ambalo linaombwa dirishani. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani.

Mara dozi ilipokuwa salama, ndipo tulipoanza kumfundisha mtoto, bila haraka.

Walezi wengi huamini kwamba koo la mtoto ni dogo. Sivyo. Mtoto yuleyule humeza tonge la ugali lililo kubwa kuliko kidonge mara kadhaa. Tatizo ni kwamba tangu alipoota meno amezoea kutafuna kila kigumu kinachoingia mdomoni, na ulimi wake hukirudisha mbele kile ambacho hakijatafunwa. Kumeza kitu kizima ni ujuzi mpya, na ujuzi hauwezi kujifunzwa saa ya dawa, wakati mama ana haraka, kidonge kina uchungu, na mtu mmoja ameshika mikono ya mtoto huku mwingine akimbana pua. Tunasisitiza kwamba kumbana mtoto pua ni hatari: akivuta pumzi kwa mdomo, kidonge kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Mazoezi haya yanafaa kwa mtoto kuanzia takriban miaka 4, anayeelewa maelekezo na asiye mgonjwa sana siku hiyo. Yafanyike mchana, mtoto akiwa ameketi wima, hajashiba sana, kwa dakika tano hadi kumi tu. Hakuna dawa inayotumika. Chukua nyama ya ndani ya mkate laini, ilowanishe kidogo, uiviringishe kuwa kijipira. Kijipira cha kwanza kiwe na ukubwa wa punje ya mtama, cha pili punje ya mchele, cha tatu punje ya choroko, na cha mwisho kikaribie ukubwa wa kidonge chenyewe. Punje hizo ni kipimo cha macho peke yake. Mtoto asipewe kumeza nafaka mbichi, karanga wala pipi ngumu, kwa maana zikienda njia isiyo yake hazilainiki.

Mtoto anywe kwanza maji kidogo ili mdomo uwe na unyevu. Kijipira kiwekwe katikati ya ulimi, kisha anywe funda kubwa la maji na alimeze lote kwa pamoja, akitazama mbele. Akikimeza mara tano mfululizo bila taabu, mpandishe ukubwa unaofuata, siku hiyo au kesho yake. Akishindwa mara mbili, mrudishe kwenye ukubwa wa chini aliokwisha kuuweza, akimeze kimoja, na zoezi liishie hapo, ili alale akikumbuka aliyoweza.

Mlezi anaweza kutambua kosa liko wapi kwa kutazama. Maji yakishuka na kijipira kikabaki mdomoni, funda lilikuwa dogo. Mpe mrija, au badala ya maji tumia mtindi au uji mzito uliopoa, ambao hukibeba kijipira pamoja nao. Akitafuna, ukubwa umepandishwa mapema. Akichefuka kama anayetaka kutapika, kijipira kimewekwa nyuma mno. Na kile ambacho watu wazima wengi hufanya, yaani kurusha kichwa nyuma kabisa, tunaomba kiachwe, kwa kuwa mkao huo unafanya kumeza kuwe kugumu na kupaliwa kuwe rahisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2010, waliwafundisha watoto kumeza wakiwa na mikao mitano ya kichwa: kutazama mbele, juu, chini, kushoto na kulia, kisha kila mtoto akachagua uliomfaa. Kugeuza kichwa kwa kiasi ni jambo la kujaribu kwa upole. Kapsuli, tofauti na kidonge, ni nyepesi na huelea juu ya maji, hivyo mtoto akiinamisha kidevu kidogo huenda yenyewe nyuma kuelekea kooni.

Mtoto wetu alifika ukubwa wa choroko siku ya sita, akakwama siku nne kwenye ukubwa wa mwisho. Mama alikuja akiwa amekata tamaa. “Daktari, huyu wangu ana woga, hatoweza.” Tulimwomba mtoto ajaribu mbele yetu, tukaona kwamba alikuwa akinywa maji kwa midomo iliyobanwa, funda dogo mno. Tulimpa mrija na maziwa baridi, akageuza kichwa kidogo kushoto kwa kupenda kwake, akameza mara ya kwanza. Mama alirudi naye nyumbani wakaendelea kwa siku tano nyingine kabla hatujagusa dawa.

Wapo watoto ambao mazoezi haya wasifanyiwe nyumbani: mwenye mtindio wa ubongo, anayepaliwa hata na maji, anayekoroma sana kwa sababu ya mafindofindo makubwa, au aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa koo au umio. Hao waonwe kwanza na daktari. Na kila mlezi ajue tofauti hii: mtoto anayekohoa au kulia hewa inapita, mwache akohoe. Asiyeweza kukohoa, kulia wala kusema amezibwa. Mwinamishe mbele, mpige mapigo matano kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja, na kama hakijatoka, msimamie kwa nyuma umkaze tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara tano, ukirudia kwa zamu huku mwingine akitafuta msaada. Ukazaji huo wa tumbo haufanywi kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Kwa mtoto ambaye bado hajaweza, dawa nyingi zina umbo jingine. Dawa mseto ya malaria ya watoto na vidonge vya zinki hutengenezwa viyeyuke kwenye maji kidogo. Hivyo havihitaji kumezwa vizima. Pale ambapo mfamasia ameruhusu kusaga, saga kidonge kimoja kati ya vijiko viwili safi, changanya na kijiko kimoja tu cha ndizi iliyopondwa au mtindi, mtoto ale chote papo hapo, kisha anywe maji. Usichanganye kwenye bakuli zima la chakula, usitumie chakula cha moto, na usimwambie mtoto kwamba dawa ni pipi, kwa sababu siku akiiona kabatini ataila.

Kidonge cha kwanza cha valproeti mtoto yule alikimeza hapa hapa kliniki, kikiwa kizima, akiwa ameketi wima, kwa nusu glasi ya maziwa, siku ambayo daktari alikuwa ameandika upya cheti cha vidonge. Asubuhi hiyo hakupewa dawa ya maji, kwa kuwa dozi ni moja tu, ama ya chupa ama ya kidonge. Chupa iliyobaki mama aliileta kitengoni iteketezwe kwa utaratibu.