Msingi wa pete na mtitio unaovumilika wa tangi kubwa la chuma

Msingi wa pete ni ukuta wa zege uliomwagwa kwa mduara, chini kabisa ya ukuta wa tangi. Katikati ya pete hakuna zege. Kuna kokoto na mchanga ulioshindiliwa, na juu yake ndipo yanapolala mabamba ya sakafu. Kutitia ni kule ardhi kushuka polepole chini ya mzigo, na mtitio ni kiasi ilichoshuka.

Wengi hudhani pete ipo ili tangi lisititie. Sivyo. Tuchukue tangi la kipenyo cha mita 30 na kimo cha mita 12. Likijaa maji, kila mita ya mraba ya sakafu hubeba tani 12, na jumla yake ni karibu tani 8,500. Mzigo wa upana huo husikika ardhini hadi kina kinachozidi kipenyo chenyewe. Kama huko chini kuna udongo laini wa mfinyanzi, pete ya kina cha mita 1.2 haiwezi kuuzuia. Itashuka pamoja nao.

Kazi yake ni nyingine. Ukuta wa tangi pamoja na sehemu yake ya paa huwa na uzito wa, tuseme, tani 1.2 kwa kila mita ya mzingo, na uzito huo wote unasimama juu ya bamba jembamba. Ukiusimamisha juu ya kokoto tupu, utakata kama kisu. Pete huupokea na kuusambaza, na pia humpa fundi uso ulionyooka wa kuanzia kuunga mabamba. Kiwango cha API 650, cha Taasisi ya Petroli ya Marekani kwa matangi mapya, kinadai uso huo usipishane zaidi ya milimita 3 kwenda juu au chini katika kila mita 9, wala zaidi ya milimita 6 katika mzingo mzima.

Upana wa pete nao una siri yake. Tunataka ardhi iliyo chini ya zege ibanwe sawasawa na ardhi ya jirani iliyo chini ya maji, ili ukingo na sakafu vishuke pamoja. Nusu ya upana wa pete iko ndani ya tangi na inabeba maji, nusu nyingine iko nje. Kwa hiyo uzito wa ukuta ndio unaofidia maji yasiyokuwepo kwenye nusu ya nje. Kwa tangi letu, ukihesabu na tofauti ya uzito kati ya zege na kifusi, unapata upana wa sentimita 23 tu. Kiwango hakiruhusu chini ya 30, basi tunachukua 30. Mhandisi anayeongeza hadi sentimita 80 "kwa usalama" ametengeneza kigingi: ukingo unabaki juu huku sakafu iliyo pembeni yake ikishuka, na bamba linapinda palepale kwenye weldi ya kona.

Nguvu halisi inayoitesa pete ni ya kuipasua. Kifusi cha ndani, kikibanwa na maji, huisukuma nje. Tukichukua nusu ya mgandamizo wa wima, kama desturi ilivyo, pete yetu inavutwa kwa karibu tani 118. Zege halina lake hapo, kazi yote ni ya nondo: vyuma 12 vya milimita 25 vinavyozunguka mduara mzima, na maungio yake yasiangukie mahali pamoja.

Sasa mtitio. Swali la kwanza la mwenye tangi huwa "limeshuka kiasi gani?", nalo si swali lenye uzito zaidi. Tangi likishuka sawasawa kwa milimita 200, chuma hakijui. Wanaojua ni mabomba, na ndiyo sababu bomba halifungwi boliti za mwisho kabla ya jaribio la maji, yaani kulijaza tangi maji kabla halijapokea mafuta. Likiinama lote upande mmoja kama sahani ngumu, bado ukuta haujakunjwa, ingawa maji yanakuwa na kina zaidi upande ulioshuka. Hatari ni ukingo kuacha bapa, yaani sehemu moja ya mzingo ishuke au ibaki juu kuliko jirani zake. Ukuta wa tangi ni mgumu kukunjika kwa wima, kwa hiyo mkunjo wa chini hutokeza juu: mdomo wa tangi unaacha kuwa duara, na paa linaloelea juu ya mafuta, kama lipo, linakwama.

API 653, kiwango cha taasisi hiyohiyo cha kukagua matangi yaliyokwisha jengwa, inaweka kikomo cha mkengeuko huo hivi:

```
S = (L² × Y × 11) / (2 × E × H)
```

L ni umbali kati ya nukta za kupimia, Y ni nguvu ya chuma kabla hakijalegea, E ni ukakamavu wake, na H ni kimo cha ukuta. Tangi letu lina nukta 10, hivyo L ni mita 9.42. Kwa chuma cha megapaskali 250, S inakuwa milimita 51. Angalia L ilivyo kwenye mraba: shimo fupi lina madhara makubwa kuliko bonde refu la kina kilekile.

Tangi limejazwa kwa hatua, robo kwa robo, na levo ikasomwa kila hatua. Hatua hizo si urembo, maana mfinyanzi laini ukijazwa upesi unaweza kuteleza ukingoni kabla maji yake hayajapata nafasi ya kutoka. Lilipojaa, nukta ya 6 ilikuwa imeshuka milimita 120, ya 7 milimita 171, ya 8 milimita 161. Ukichora vipimo vyote 10 na kupitisha mkunjo wa kosaini, ambao ndio sura ya bapa lililoinama, unapata wastani wa milimita 184 na mwinamo wa takriban milimita 107 kutoka upande hadi upande. Bapa hilo linasema nukta ya 7 ilipaswa kushuka 143, kwa hiyo imezidi kwa 28. Nukta za 6 na 8 ziko juu ya bapa kwa karibu 11 kila moja. Toa wastani wa jirani, na kwa kuwa wao wako upande wa pili wa bapa, kutoa kunakuwa kujumlisha: 28 na 11 ni 39. Ni chini ya 51, tangi limepita.

Kwa macho matupu, hata hivyo, nukta ya 7 haionekani kuwa mbaya. Nyingine zimeshuka zaidi yake, na zipo salama. Anayesoma orodha ya mititio bila kutoa bapa kwanza atamshuku asiye na kosa.

Mambo mawili huharibu hesabu hii uwanjani. Moja ni alama ya rejea kuwekwa karibu mno: ardhi hushuka hata nje ya tangi, alama ikashuka nayo, na karatasi ikaonyesha mtitio mdogo kuliko ulivyo. La pili ni kuchora nukta kwenye zege badala ya kwenye chuma. Pete ikishuka na ukuta ukabaki umening'inia, zege litakupa namba nyingine na chuma nyingine, na unayemtafuta ni chuma. Pitisha kipande chembamba cha bati kati ya bamba na zege. Kikipita, pana uwazi.

Nukta ya 7 haifungwi hapo. Mfinyanzi huendelea kutitia kwa miezi au miaka baada ya jaribio, na milimita 12 zilizobaki si nyingi. Kabla ya mafuta kuingia, ningechimba kidogo nje ya pete, mita chache kutoka kwenye ukingo na kamwe si chini yake, nione kama pale palikuwa na mtaro wa zamani uliofukiwa.