Mtambo wa maji baridi: pampu za msingi na upili, au za msingi peke yake?

Mhandisi anapochora mtambo wa kupoza jengo kubwa kwa maji baridi, swali la pampu huja mapema. Mara nyingi hujibiwa kwa mazoea: ofisi iliyozoea pampu za upili huziweka kila mahali, na iliyosikia kwamba pampu za msingi peke yake huokoa umeme huzipendekeza hata pale ambapo hakuna fundi wa kuzisimamia. Tuchukue mfano wa hospitali ya kubuni jijini Dar es Salaam, yenye chila 3 zinazolingana, yaani mashine za kupoza maji, kila moja ya kilowati 630, yaani kama tani 180 za friji. Maji yanatoka kwenye chila yakiwa nyuzi 7 na yanarudi yakiwa nyuzi 13. Lita moja ya maji kwa sekunde ikipanda nyuzi moja hubeba takriban kilowati 4.19, kwa hiyo kwa tofauti ya nyuzi 6 kila chila inahitaji lita 25 kwa sekunde.

Katika mfumo wa msingi na upili, kila chila ina pampu yake ya msingi inayosukuma lita hizo 25 bila kubadilika. Pampu za upili huyachukua maji hayo na kuyapeleka wodini na vyumba vya upasuaji, na kasi yake hupanda na kushuka kulingana na mahitaji. Kati ya makundi hayo mawili kuna bomba fupi na pana linalounganisha njia ya kwenda na njia ya kurudi. Mafundi wengi huliita daraja. Jengo likihitaji maji machache kuliko chila inavyotoa, ziada hupita darajani na kurudi kwenye chila. Chila yenyewe haihisi mabadiliko yoyote ya mtiririko.

Katika mfumo wa msingi peke yake pampu za upili hazipo. Pampu za msingi ndizo zinazobadilisha kasi, na mtiririko ndani ya chila hubadilika pamoja na mahitaji ya jengo. Daraja linakuwa bomba la baipasi lenye valvu, ambalo hufunguka pale tu mtiririko unapokaribia kiwango cha chini ambacho chila inaweza kuvumilia. Pampu zinapungua, chumba cha mitambo kinakuwa kidogo, na umeme wa kuzungusha maji yasiyokwenda popote unaokolewa. Usiku hospitali yetu inaweza kuhitaji kilowati 200, yaani lita 8 kwa sekunde. Mfumo wa msingi na upili utaendelea kuzungusha lita 25, huku 17 zikipita darajani bure. Kwa mfumo wa msingi peke yake, tuseme mtengenezaji ameruhusu chila ishuke hadi lita 12.5, baipasi itapitisha lita 4.5 tu.

Akiba hiyo ni ya kweli, ila pampu za msingi za mfumo wa msingi na upili huwa na kazi ndogo, kwa kuwa zinashinda ukinzani wa chila na mabomba ya karibu tu. Faida kubwa zaidi ya mfumo wa msingi peke yake huonekana pale tofauti ya joto inapoporomoka, na kwenye majengo yetu huporomoka mara kwa mara. Watu huweka rimoti ya chumba nyuzi 16, joto ambalo chumba hakiwezi kulifikia, na valvu ya koili, yale mabomba yanayopoza hewa ya chumba, inabaki wazi kutwa nzima. Vichujio vya hewa vimejaa vumbi. Kuna valvu za njia 3, zinazorudisha maji bila kuyapitisha kwenye koili, zilizosahaulika kwenye ghorofa fulani. Maji hupita koili haraka na kurudi yakiwa bado baridi.

Tuseme basi jengo linahitaji kilowati 630, sawasawa na uwezo wa chila moja, lakini tofauti ya joto imeshuka hadi nyuzi 4. Pampu za upili zitatafuta karibu lita 37.6 kwa sekunde, na chila inatoa 25. Lita 12.6 zinazokosekana hupita darajani kinyumenyume: maji ya nyuzi 11 yaliyorudi kutoka jengoni huchanganyika na ya nyuzi 7, na wodi hupelekewa maji ya nyuzi 8.3. Koili zinashindwa kukausha hewa, valvu zinafunguka zaidi, pampu zinaongeza kasi, na hali inazidi kuwa mbaya. Opereta hana njia ila kuwasha chila ya pili. Sasa chila mbili zinafanya kazi nusu nusu, kila moja na pampu zake zote, kwa mzigo ambao moja ingeumudu.

Mfumo wa msingi peke yake ungeweza kusukuma lita zote 37.6 ndani ya chila moja, mradi mtengenezaji anakubali kiwango hicho cha juu na pampu zimeunganishwa kwenye bomba moja la pamoja ili mbili zihudumie chila moja. Ukinzani ndani ya chila hupanda zaidi ya mara mbili, lakini kompresa ya chila ya pili inabaki imezimwa.

Kuligundua tatizo la daraja kupitisha maji kinyume ni rahisi. Soma joto la maji yanayotoka kwenye chila, kisha joto la maji yanayokwenda jengoni baada ya daraja. La jengoni likiwa juu zaidi, daraja linapitisha maji kinyume. (Ni ajabu ni mitambo mingapi haina kipimajoto mahali hapo pa pili.)

Sasa upande wenye hatari. Chila moja inafanya kazi kwa uwezo wote, lita 25, nyuzi 13 kushuka hadi 7. Mzigo unapanda na mfumo unaamuru chila ya pili iwake. Valvu yake ikifunguka ghafla, maji yanagawanyika na chila ya kwanza inabaki na lita 12.5, wakati kompresa yake bado inapoza kwa nguvu ileile. Tofauti ya joto inataka kuwa nyuzi 12, na maji yanaelekea kutoka yakiwa nyuzi 1. Kinga ya kuganda inaizima. Jengo limeomba chila ya pili na limepoteza ya kwanza, pengine katikati ya upasuaji.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti halisi. Makosa ya mfumo wa msingi na upili humezwa na daraja na kuonekana kwenye bili ya umeme. Makosa ya mfumo wa msingi peke yake huzima chila. Dawa ya tatizo hili inajulikana: punguza kwanza mzigo wa chila inayofanya kazi, kisha fungua valvu ya pili polepole, kwa dakika kadhaa badala ya sekunde. Lakini dawa hiyo imo ndani ya programu ya udhibiti, na inahitaji mita ya mtiririko inayosoma vizuri hata maji yakiwa machache, pamoja na mtu anayeielewa.

Kwa hospitali yetu, yenye chila zinazolingana katika chumba kimoja, ningechagua msingi peke yake, kwa sharti kwamba mwenye jengo ana mkataba na fundi wa mifumo ya udhibiti anayefika siku hiyohiyo. Pasipo sharti hilo ningebaki na pampu za upili bila kuona haya. Ningebaki nazo pia kwa chuo chenye majengo yaliyotawanyika, ambako kila jengo linataka msukumo wake, au kwa mtambo unaochanganya chila kuukuu na mpya.

Anayechagua msingi peke yake aandike kwenye zabuni kwamba mtengenezaji atoe mtiririko wa chini, wa juu, na kasi ya mabadiliko ambayo chila inaweza kuvumilia kwa dakika. Siku ya majaribio, chila ya kwanza ikiwa imejaa mzigo, chila ya pili iwashwe mbele ya mhandisi msimamizi, naye asome joto la maji yanayotoka kwenye ya kwanza hadi litulie, kabla hajasaini.